Vipeperushi, brosha na kadi: hesabu shiti kwanza, karatasi baadaye

Mteja akiingia kwenye duka la uchapaji Kariakoo, mara nyingi swali lake la kwanza ni, "Gramu 300 bei gani?" Swali hilo ni zuri, ila limekuja mapema mno. Idadi ya nakala ndiyo inayochagua mashine. Mashine nayo ina karatasi inazozipenda na nyingine inazozikataa. Uzito na umaliziaji huja mwisho, na vinaamuliwa na mtu atakayeishika ile karatasi: ataisoma mara moja na kuiacha kwenye daladala, ataikunja mfukoni, au ataandika jina lake juu yake. Ukifuata mpangilio huu, bajeti hailiwi na karatasi nene mahali ambapo haikuhitajika.

Nitaeleza kwa kazi moja. Shule ya awali Mbagala inafungua Januari. Mwalimu mkuu anataka vipeperushi 5,000 vya A5 vyenye rangi pande zote mbili, brosha 300 za A4 zinazokunjwa kuwa kurasa sita, na kadi 200 za mawasiliano. Mfukoni ana shilingi 1,300,000. Bei nitakazotumia ni za kufanyia hesabu tu. Wewe weka za duka lako, njia ya kukokotoa haibadiliki.

Hatua ya 1: geuza nakala kuwa shiti

Mashine haijui kipeperushi wala kadi, inajua shiti inayopita ndani yake. Shiti ya kawaida ya mashine za dijitali ina ukubwa wa milimita 320 kwa 450. Ni A3 yenye kipande cha ziada pembeni kwa ajili ya kukatia. Shiti moja hubeba A4 mbili, A5 nne, au kadi kama 21 za milimita 90 kwa 55. Mashine ndogo za ofseti, zile zinazochapa kwa pleti, zilizoenea kwetu, kama Heidelberg GTO 52, hupokea shiti isiyozidi sentimita 36 kwa 52, kwa hiyo ile ile ya 32 kwa 45 inapita vizuri. Mchapaji huipata kwa kukata shiti kubwa ya sentimita 64 kwa 90 mara nne.

Sasa kazi ya mwalimu inasomeka hivi: vipeperushi 5,000 ni shiti 1,250, brosha 300 ni shiti 150, na kadi 200 ni shiti 10. Angalia jinsi picha inavyobadilika. Mtu akisikia "kadi elfu mbili" anadhani ni kazi ya ofseti, kumbe ni shiti 96 tu.

Hatua ya 2: tafuta mahali dijitali na ofseti zinapokutana

Mashine ya dijitali haina gharama ya kuanzia. Shiti ya kwanza na ya mia zina bei karibu ileile. Tuchukue shilingi 2,000 kwa shiti ya gramu 130 au 150, rangi pande zote mbili, karatasi ikiwemo.

Ofseti inaanza na gharama kabla hata nakala moja haijatoka. Kazi ya rangi kamili inahitaji pleti nne, yaani mabati membamba yenye sura ya kazi, moja kwa kila wino: samawati, majenta, njano na nyeusi. Pleti zinafungwa, wino unasawazishwa, na shiti kadhaa zinaharibika hadi rangi nne zikae juu ya nyingine bila kupishana. Tuchukue kwamba vyote hivyo ni shilingi 350,000. Baada ya hapo kila shiti inakula shilingi 400 tu, karatasi na kupita mashineni.

Tofauti kwa kila shiti ni 2,000 kutoa 400, yaani 1,600. Gawa 350,000 kwa 1,600, unapata shiti 219. Chini ya hapo dijitali ni nafuu, juu ya hapo ofseti. Kwa A5 mpaka huo ni nakala 875, kwa A4 ni kama 440, kwa kadi ni zaidi ya 4,500. Ndiyo maana ushauri wa jumla kwamba "ukizidi elfu moja nenda ofseti" unapotosha: elfu moja ya nini?

Kwa shule yetu, vipeperushi kwa dijitali vingefika shilingi 2,500,000. Kwa ofseti ni 350,000 jumlisha shiti 1,250 mara 400, jumla 850,000, yaani shilingi 170 kila kimoja. Brosha ni kinyume chake: dijitali 300,000, ofseti 410,000. Kadi hazihitaji mjadala.

Hapa kuna jambo moja la kumuuliza mchapaji wa ofseti waziwazi: upande wa pili anaupangaje? Kipeperushi cha A5 cha pande mbili hakihitaji pleti nane. Kwenye shiti moja anapanga nyuso mbili za mbele upande wa kushoto na mbili za nyuma upande wa kulia. Anachapa, anasubiri wino ukauke, anageuza rundo, kisha anachapa tena kwa pleti zilezile. Ikikatwa, kila robo ina mbele na nyuma. Ukiona hesabu ya pleti nane kwa kazi ndogo ya namna hii, uliza sababu kabla ya kulipa. Wakati mwingine ipo, kwa mfano kipande chako ni kikubwa kiasi kwamba kinajaza shiti nzima peke yake.

Ofseti pia ina tabia ya kukushawishi uongeze idadi, na mara nyingi inakushawishi kwa haki. Ukipanda kutoka 5,000 hadi 8,000, nyongeza ya nakala 3,000 ni shilingi 300,000, yaani 100 kila moja. Ukirudi mwezi wa tatu kuchapa hizo 3,000 peke yake, utalipa 350,000 za kuanzia tena. Pleti zikihifadhiwa vizuri zinapunguza gharama hiyo, lakini kufunga, kusawazisha na kuharibu shiti za mwanzo kunarudi palepale. Basi kabla hujathibitisha idadi, jiulize kama tarehe, ada au namba ya simu iliyomo itabadilika. Kama ada ya muhula inaweza kubadilika Juni, usichape za mwaka mzima.

Kwa mwenye fedha kidogo sana ipo njia ya tatu ambayo vijana wa usanifu huisahau: risografu. Inachapa rangi moja kwa kasi, inatengeneza kigezo kimoja cha bei ndogo kwa kila ukurasa, na kuanzia nakala mia chache bei ya kila moja hushuka sana. Masharti yake ni karatasi ya bondi tu, ile isiyopakwa kitu kama ya fotokopi. Wino wake hukauka kwa kunyonywa na karatasi, kwa hiyo kwenye karatasi ya kung'aa utabaki juu na kuchafua vidole. Kwa tangazo la mkutano wa wazazi lisilo na picha, risografu juu ya bondi ya manjano au ya kijani inatosha kabisa, na rangi ya karatasi inakupa rangi ya pili bila malipo ya wino.

Hatua ya 3: chagua uzito kwa kazi ya mkono

Gramu inayotajwa ni uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi hiyo. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80. Uzito si unene moja kwa moja. Karatasi ya glosi, ile inayong'aa, imepakwa chokaa laini na kushindiliwa, kwa hiyo glosi ya gramu 130 inaweza kuwa nyembamba kuliko mati isiyong'aa au bondi ya gramu hizohizo. Shika sampuli mkononi, usichague kwa namba peke yake.

Kwa kipeperushi cha kugawa kituoni, glosi ya gramu 115 hadi 130 inatosha. Chini ya 100, picha ya upande wa pili huanza kuonekana, hasa kama ni ya rangi nzito. Juu ya 150 unalipia kitu ambacho mpokeaji hatakitambua, na unalipa tena kwenye usafiri. Vipeperushi 5,000 vya A5 vya gramu 130 vina uzito wa kilo 20 na kidogo. Vya gramu 170 vinakaribia kilo 27. Kama mzigo unatumwa Mtwara kwa basi, kilo hizo utaziona kwenye stakabadhi.

Brosha ni habari nyingine, kwa sababu inakunjwa. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Karatasi ina nyuzi, na nyuzi hizo zimelala kuelekea upande mmoja. Ukikunja sambamba na nyuzi, mkunjo unakaa laini. Ukikunja kwa kuzikata, uso wa karatasi unapasuka na mstari mweupe unajitokeza. Kujua nyuzi zinalala wapi ni rahisi: chukua shiti, ipinde taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Pale inapopinda kwa urahisi zaidi, nyuzi zimelala sambamba na mstari wa mpindo huo. Mwambie mchapaji kabla ya kukata kwamba unataka nyuzi ziwe sambamba na mikunjo.

Dijitali inaongeza tatizo jingine. Wino wake ni unga ulioyeyushwa kwa joto na kulala juu ya karatasi, haukuingia ndani. Ukikunja penye rangi nzito, ganda hilo linavunjika hata kwenye karatasi ambayo kwa ofseti isingepasuka. Kwa brosha ya dijitali mimi huchagua mati ya gramu 150, na kuanzia hapo kwenda juu nataka ipigwe mfuo kwanza, yaani ule mstari unaobonyezwa na mashine kabla ya kukunja. Kukunja kwa rula na kucha, kama vijana wa dukani wanavyofanya wakibanwa na muda, hakutoshi. Kinga ya bei rahisi kuliko zote iko kwa msanifu: usipitishe rangi ya bluu nzito au nyeusi juu ya mstari wa kukunjia. Ukiacha eneo hilo jeupe au la rangi hafifu, hata likipasuka kidogo halionekani.

Kadi za mawasiliano, gramu 300 hadi 350. Hapa uzito unalipa, kwa sababu kadi inakaa kwenye pochi na kadi laini inapinda pembe ndani ya wiki. Uliza mashine ya dijitali inakubali hadi gramu ngapi. Nyingi huishia 300 au 350, na ukilazimisha zaidi, unga haushiki vizuri na unakwanguka kwa kucha.

Hatua ya 4: umaliziaji, na nani ataandika juu yake

Glosi inazipa picha rangi nzito na inafaa vipeperushi vya chakula, nguo na vipodozi. Mati inafaa maandishi marefu kwa sababu hairudishi mwanga machoni. Ndiyo maana nimewapa wazazi brosha ya mati na watu wa kituoni kipeperushi cha glosi.

Swali ambalo watu hulisahau ni la kalamu. Kadi za mchango na za mwaliko wa harusi huwa na nafasi iliyoachwa ya kuandika jina la mwalikwa. Ikichapwa kwenye glosi au ikifunikwa kwa laminesheni, ile filamu nyembamba ya plastiki, bolpeni inateleza, wino haukauki, na jina la Mzee fulani linafutika kwa kidole gumba. Kwa kadi ya namna hiyo chagua karatasi isiyopakwa kitu, ama agiza upande wa kuandikia ubaki bila laminesheni. Hivyohivyo kwa kadi ya kliniki yenye tarehe za kurudi, au brosha ya shule yenye fomu ya kukata na kujaza.

Ila ukiacha upande mmoja bila laminesheni, ujue karatasi itajikunja. Filamu imeziba upande mmoja, upande wa pili unaendelea kunyonya unyevu wa hewa na kutanuka, na kadi inajipinda kuelekea penye filamu. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja hali hiyo ni mbaya zaidi wakati wa masika. Gramu 300 na 350 huhimili kuliko 250, kwa hiyo kadi ya filamu upande mmoja ipe uzito mkubwa.

Kwa kadi za mwalimu mkuu nilishauri laminesheni ya mati pande mbili, kwani hakuna cha kuandika juu yake. Tahadhari moja: mati juu ya rangi nyeusi au bluu nzito inaonyesha kila mkwaruzo. Kama kadi ni nyeusi tupu, afadhali glosi. Na kwenye kazi ya dijitali, angalia kama filamu imeshika: kata kadi moja, ikunje pembe mara kadhaa, kisha jaribu kuivua kwa ukucha. Ikiachia kama ganda, au ukiona madoa ya fedhafedha chini ya filamu penye rangi nzito, joto au mgandamizo ulikuwa mdogo, au filamu haikuwa ile inayofaa wino wa unga. Rudisha.

Hatua ya 5: faili

Toa faili ya PDF, rangi ziwe CMYK, yaani za zile wino nne, na si RGB za kioo cha simu au kompyuta, ili kijani kikali cha kwenye simu kisikushangaze kikitoka kimepoa. Picha ziwe na dpi 300 kwa ukubwa zitakaochapwa nao. Rangi ya pembeni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, na maandishi yakae ndani kwa angalau milimita 5. Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Yakiundwa kwa rangi nne, kuhama kidogo tu kwa pleti moja kunayafanya yaonekane na kivuli.

Kwa brosha yetu, usigawe A4 mara tatu sawasawa. Ukurasa unaoingia ndani lazima uwe mfupi, la sivyo unagonga mkunjo na kuvimba. Gawa milimita 297 kuwa 100, 100 na 97. Kwa upande wa nje, ukianzia kushoto: 97, 100, 100, na jalada ndilo la kulia kabisa. Kwa upande wa ndani: 100, 100, 97.

Hatua ya 6: kuagiza, na kupokea mzigo

Andika agizo lenye ukubwa, idadi, aina ya karatasi, gramu, pande za rangi, umaliziaji, mikunjo na tarehe. Uliza kama bei imejumuisha VAT na kukata. Omba sampuli uisaini kabla ya mashine kuendelea. Kwa ofseti, sampuli iliyotoka kwenye mashine ya dijitali inathibitisha maandishi na mpangilio, lakini rangi haitalingana kwa asilimia mia. Kama rangi ya nembo ni jambo kubwa kwako, nenda usimame mashineni wakati shiti za kwanza zinatoka.

Usimharakishe mchapaji wa ofseti kukata siku ileile alipochapa. Wino wa juu ya glosi, hasa penye rangi nzito, unahitaji karibu siku nzima. Rundo likikatwa mapema, kibanio cha mashine ya kukatia kinagandamiza shiti na wino unahamia mgongoni mwa shiti ya juu yake. Utakuta kivuli cha picha ya mbele kimejichapa kwenye upande wa nyuma. Kivuli hicho hakifutiki. Kwa hiyo kwenye ratiba ya shule tuliweka siku moja ya kuchapa na usiku mzima wa kukausha kwa kila upande, kisha siku ya kukata.

Hesabu ya mwalimu ikakaa hivi: vipeperushi 850,000, brosha 300,000, mfuo na kukunja 30,000, kadi shiti 10 kwa bei ya karatasi nene 30,000, laminesheni 20,000. Jumla 1,230,000. Alibakiwa na 70,000 ndani ya bajeti yake.

Mzigo ukiwa tayari, gramu ulizolipia unaweza kuzipima kwa mizani ya jikoni. A0 ni mita moja ya mraba, na inatoa A4 16 au A5 32. Kwa hiyo chukua vipeperushi 32 vya A5 kutoka sehemu mbalimbali za rundo, uvipime pamoja: uzito utakaosomeka kwa gramu ndio gramu za karatasi hiyo. Vikisoma karibu na 130, umepewa ulichoagiza. Tofauti ya gramu chache ni ya unyevu na wino. Vikisoma 115, umebadilishiwa karatasi. Kwa idadi, pima nakala 100, kisha pima boksi zima bila karatasi ya kufungia, ugawanye. Fanya hivyo kabla hujalipa salio, ukiwa bado umesimama na mchapaji pale dukani.